Nambari za wateja dukani: zinavyoingia, zinavyovuja, na namna ya kuzitunza

Jioni moja nilinunua viazi karai vya shilingi 50 hapa Mombasa, nikafungiwa kwenye karatasi iliyochanwa daftarini. Nilipomaliza kula nikaikunjua ile karatasi, maana mimi nina tabia ya kusoma kila kinachopita mkononi. Ilikuwa ni orodha ya wateja wa duka la mtu. Majina kumi na moja, nambari za simu, mitaa wanayokaa, na pembeni kiasi anachodaiwa kila mmoja. Mafuta yalikuwa yamelowesha mistari miwili ya chini. Iliyobaki ilisomeka vizuri kabisa.

Nilicheka, kisha nikanyamaza. Mimi mwenyewe nauza madera, leso na mabuibui si mbali na Marikiti, na daftari langu la mwaka uliotangulia nilikuwa nimempa mama mmoja wa mandazi aliyeniomba karatasi.

Yanayofuata ni hatua nilizozishika tangu siku hiyo. Ni za duka dogo la Kenya: mtu mmoja au wawili kwenye kaunta, simu moja ya kazi, oda za WhatsApp na kijana wa boda boda wa kupeleka mizigo.

Kwanza, jua deni lako kisheria

Kenya tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, inayosimamiwa na Afisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Jina, nambari ya simu na mahali mtu anapokaa ni data yake binafsi. Ukiandika hata kwa penseli kwenye daftari lenye orodha ya wateja, umeikusanya, na jukumu la kuitunza ni lako.

Wenye maduka wengi hukosea hapa. Wamesikia kwamba biashara ndogo imesamehewa, wakadhani imesamehewa kila kitu. Msamaha uliopo ni wa kujisajili tu. Kanuni za usajili za mwaka 2021 zinasema biashara yenye mapato chini ya shilingi milioni 5 kwa mwaka na wafanyakazi wasiofika 10 hailazimiki kujiandikisha kwa Kamishna. Majukumu mengine yote yanabaki palepale: kumwambia mteja kwa nini unamwomba nambari, kuitumia kwa sababu hiyo pekee, kuitunza, na kuifuta ikishamaliza kazi yake. Tena kuna shughuli ambazo hazina msamaha wa usajili hata zikiwa ndogo namna gani, kama vile huduma za afya, mikopo na kamera za usalama. Mwenye duka la dawa, au aliyefunga kamera mlangoni, aulize afisi hiyo kabla hajajihesabu kuwa amesamehewa.

Adhabu ya juu kabisa inayoweza kutozwa biashara ni shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mapato ya mwaka, ile iliyo ndogo kati ya hizo mbili. Mbali na hiyo, mteja aliyeumizwa anaweza kudai fidia. Mnamo Septemba 2023 afisi ya Kamishna ilitoza faini tatu zilizozungumzwa sana: mkopeshaji wa mtandaoni shilingi 2,975,000, shule shilingi 4,550,000, na klabu moja ya starehe shilingi 1,850,000 kwa kubandika mtandaoni picha ya mteja bila idhini yake. Hiyo ya klabu ndiyo iliyonigusa, kwa sababu nami nilikuwa nikiwapiga picha wateja wakijaribu madera na kuwatia kwenye stetasi.

Pili, tembea na nambari moja kutoka mwanzo hadi mwisho

Usianze kwa kununua kabati wala programu. Chukua oda moja ya juzi uifuate. Ya kwangu ilikuwa ya dada mmoja wa Tudor aliyeagiza madera mawili. Nambari yake niliikuta mahali saba: kwenye mazungumzo ya WhatsApp, kwenye majina ya simu yangu, kwenye daftari la oda, kwenye kikaratasi nilichobandika kwenye mfuko, kwenye simu ya msaidizi wangu kwa sababu nilimtumia oda ile aifunge, kwenye simu ya mwenye boda, na kwenye tableti ya mtoto wangu nyumbani.

Hiyo ya tableti ilinishangaza. Simu ya duka nilikuwa nimeifungua kwa akaunti yangu ya Gmail, na tableti ya mtoto iko kwenye akaunti hiyohiyo. Kila jina nililohifadhi dukani lilijiandika nyumbani. Wateja wangu wote mia tatu na kitu walikuwa mikononi mwa mtoto wa miaka minane anayecheza gemu.

Fanya hesabu hiyo yako, uandike mahali pote kwenye karatasi moja. Halafu jiulize kwa kila mahali: hapa nambari ina kazi gani? Kwangu mahali panne hapakuwa na kazi yoyote.

Tatu, omba kidogo

Ili kupeleka dera Tudor nahitaji jina la kuitia mtu, nambari ya simu, na mahali pa kufikishia mzigo. Sihitaji nambari ya kitambulisho, wala jina la mume, wala mahali anapofanya kazi. Mteja anayekuja dukani, akalipa na kuondoka na nguo yake, sina haja hata na nambari yake. Zamani nilikuwa nikiiomba tu "kwa ajili ya kumbukumbu". Kumbukumbu ya nini, sikuwahi kujua.

Na unapoomba, sema kwa nini. Si lazima iwe karatasi ndefu. Mimi kwenye WhatsApp Business nimeweka jibu hili lijitume mteja anapoandika mara ya kwanza:

"Karibu. Nambari na mahali unapokaa tutavitumia kukufikishia mzigo tu, na anayepeleka ataviona kwa siku hiyo. Ukitaka tukutumie na habari za mzigo mpya, jibu NDIYO. Ukitaka tufute nambari yako wakati wowote, tuambie."

Lile NDIYO ni muhimu. Mtu kukupa nambari ili apelekewe nguo hakujakupa ruhusa ya kumtumia matangazo kila Ijumaa. Ni mambo mawili, na sheria inataka ruhusa ya wazi kabla ya kuitumia data ya mtu kwa kujitafutia soko.

Anwani nayo ina shida yake huku kwetu. Nyumba nyingi hazina nambari, kwa hiyo mteja hukupa hadithi. Yule dada wa Tudor aliniandikia hivi, nami nabadilisha kidogo nisimtaje: "Ukipita msikiti kata kushoto, lango la kijani, gorofa ya pili mlango wa ndani. Mimi niko kazini mpaka saa kumi na moja, mama yuko peke yake na haoni vizuri, mwambie asukume tu mlango haufungwi." Isome tena ukiwa na jicho la mwizi. Hapo mna nyumba, mna saa, mna mtu asiyejiweza, na mna mlango usiofungwa. Mimi niliisambaza neno kwa neno kwa mwenye boda.

Siku hizi sisambazi ujumbe wa mteja. Nauandika upya, nikitoa kile tu kinachomfikisha mtu mlangoni. Dakika moja inatosha.

Nne, gawa daftari

Sijaacha daftari, na sikushauri uliache kama umelizoea. Kosa ni daftari moja lenye kila kitu, limelala wazi kwenye kaunta huku wateja wameegemea. Mtu akisubiri chenji anasoma majirani zake wote.

Nina mawili. La kaunta lina nambari ya oda, bidhaa, bei na mtaa tu:

"Oda 47. Dera 2, M na L. 2,400. Tudor. Imelipwa."

Hilo akilisoma nani, hana faida nalo. La pili ni dogo, linakaa kwenye droo yenye kufuli pamoja na pesa, na lina mstari mmoja kwa kila oda: 47, jina la kwanza, nambari ya simu. Msaidizi wangu anafunga mizigo kwa kutumia la kaunta; la droo halimhusu mpaka wakati wa kupiga simu, na hupiga kwa simu ya duka. Na kwenye mfuko wa mzigo tunaandika "47" kwa kalamu ya wino mzito, basi. Kile kikaratasi cha jina na nambari kimekufa.

Daftari la deni ndilo gumu zaidi, kwa kuwa watu wana hasira nalo. Najua maduka yanayobandika ukutani majina ya wadaiwa, na wengine wanawatia kwenye stetasi na picha zao. Deni lako ni halali, na una haki ya kumpigia mdaiwa, kumwandikia, hata kumpeleka mahakamani. Lakini kumtangaza ni jambo lingine, na kuwapigia ndugu zake ambao hawakukudhamini deni ni lilelile lililowatia wakopeshaji wa mtandaoni matatani.

Tano, simu ya duka iwe ya duka

Hapa ndipo nilipofanya kazi kubwa, na ilichukua mchana mmoja wa Jumapili.

Nilifungua akaunti mpya ya Google kwa ajili ya duka peke yake, nikahamishia majina ya wateja huko, kisha nikayafuta kwenye akaunti yangu binafsi. Baada ya siku mbili niliangalia tableti ya nyumbani: majina yameondoka. Usipoangalia hutajua, kwani wakati mwingine kifaa hakijaunganishwa na mtandao na nakala za zamani bado zimekaa.

Halafu nikaingia kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya ruhusa za programu, nikatazama ni programu zipi zinaruhusiwa kusoma `Contacts`. Nilikuta tochi, kibodi ya emoji, na programu ya mkopo niliyoijaribu mara moja nikaisahau. Zote tatu nilizinyang'anya ruhusa. Ile ya mkopo niliifuta kabisa, kwa sababu ukichelewa kulipa, watakaopigiwa ni wateja wako.

Kwenye WhatsApp kuna mambo mawili. La kwanza ni `Two-step verification`: unaweka PIN ya tarakimu 6. Bila hiyo, mtu akishika laini yako akaitia kwenye simu nyingine, ujumbe wa kuthibitisha unamjia yeye, na anafungua WhatsApp ya duka kwa jina lako. La pili ni `Linked devices`. Hapo unaona kila kompyuta iliyounganishwa na akaunti yako. Mimi nilikuta kompyuta ya saiba niliyokwenda kuchapisha bei za Ramadhani miezi mitatu nyuma. Kwa muda wote huo aliyekaa mbele ya kompyuta ile angeweza kusoma oda zangu. Ukiona kifaa usichokijua, kibonyeze kisha chagua `Log out`. Nimejizoesha kupitia orodha ile kila Jumamosi jioni ninapofunga hesabu.

Weka na PIN ya laini yenyewe, si ya skrini peke yake. Ya skrini inazuia simu. Ya laini inazuia kadi ikichomolewa. Ukikosea mara tatu laini hujifunga na utahitaji PUK, kwa hiyo iandike mahali nyumbani.

Msaidizi asipokee oda kwa simu yake binafsi. Hili lilileta manung'uniko kidogo dukani, nami namwelewa, alidhani simwamini. Nilimwambia, "Mwanangu, siku utakayoondoka hapa nataka uondoke na baraka zangu tu, usiondoke na nambari za watu." Tulifuta pamoja zile alizokuwa nazo.

Sita, mwenye boda

Yule dada wa Tudor alirudi dukani wiki moja baada ya kupokea madera yake. Sikumtambua mpaka alipotoa simu akanionyesha. Saa nne usiku: "Mambo mrembo." Saa nne na nusu: "Ni mimi nilokuletea mzigo, umenyamaza?" Kesho yake tena. Aliniambia maneno ambayo sijayasahau: "Dada, nambari yangu nilikupa wewe."

Nilijaribu kusema kwamba yule kijana si mfanyakazi wangu, ninamlipa kwa safari. Ni kweli, lakini haikunisaidia. Aliyekusanya nambari ni mimi, na aliyempa ni mimi. Sheria inamchukulia anayefanya kazi na data kwa niaba yako kama mkono wako, na inataka muwe na mapatano ya maandishi.

Kwa hiyo leo nina vijana wawili tu ninaowatumia, na kila mmoja ametia sahihi karatasi ya mistari mitano: nambari na mahali pa mteja ni kwa safari ile tu, hatazihifadhi kwa jina, atafuta ujumbe mzigo ukishafika, hatawasiliana na mteja kwa jambo jingine lolote, akipoteza simu ataniambia siku hiyohiyo. Walicheka walipoipata, kisha wakatia sahihi. Karatasi haizuii mtu mwenye nia mbaya, lakini imemwondolea kila mtu kisingizio cha "sikujua".

Kinachozuia zaidi ni kumpa kidogo. Oda ya Tudor leo ingetoka hivi:

"47. Tudor, karibu na msikiti, lango la kijani. Ukifika langoni nipigie mimi. Imelipwa."

Anafika, ananipigia, nami nampigia mteja ashuke. Yaani kijana hana nambari hata moja. Inagharimu dakika ya maongezi na lazima niwe karibu na simu, na siku yenye mizigo kumi na tano haiwezekani. Siku kama hiyo nampa nambari, lakini bado simpi gorofa wala habari za mama. Mteja mwanamke anayekaa peke yake, au aliyeniambia waziwazi kwamba hataki nambari yake itoke, huyo nambari haitoki hata mvua ikinyesha.

Saba, matangazo bila kuanika watu

Kundi la WhatsApp si njia ya kutangaza. Niliwahi kuwatia wateja 140 kwenye kundi wakati wa Idi, na kila mmoja akaziona nambari za wenzake 139. Kabla ya Alasiri mchuuzi mmoja wa vipodozi alikuwa amekwisha kuwaandikia wote mmojammoja. Nilipolifuta kundi, yeye nambari alikuwa nazo.

Tumia `New broadcast`. Ujumbe unamfikia kila mtu peke yake, na hakuna anayemwona mwenzake. Orodha moja inachukua watu 256. Ina sharti moja linalowaudhi wauzaji: ujumbe unamfikia tu yule aliyehifadhi nambari yako kwenye simu yake. Mimi naliona sharti zuri. Asiyehifadhi nambari yangu hana hamu na madera yangu.

Tia kwenye orodha hiyo wale waliojibu NDIYO pekee. Chini ya kila tangazo mimi huandika: "Hutaki tena? Jibu TOA." Anayejibu TOA anaondolewa siku hiyo. Na akitaka nambari yake ifutwe kabisa, kanuni zinakupa siku 14, ila kwa duka dogo siku mbili ni nyingi.

Picha za stetasi: kabla ya kubandika mazungumzo ya mteja anayesifu nguo, angalia juu ya skrini. Nambari yake iko pale. Kuifunika kwa rangi ya kalamu inayopitisha mwanga hakutoshi, kwa kuwa mtu akiongeza mwangaza wa picha tarakimu zinarudi. Ikate kabisa sehemu ile. Na mwombe ruhusa hata ukiikata.

Wanaokuja kuuliza

Hawa hawamo kwenye simu wala kwenye daftari. Wanaingia kwa mlangoni wakiwa wamenyooka. Mzee mmoja alikuja na leso mkononi, mpole, akaniambia mkewe amenunua kwangu na amesahau kuacha nambari mpya, hebu nimpe. Labda alisema kweli. Sikuwa na njia ya kujua, na mtu anayemtafuta mke aliyemkimbia huja vivyo hivyo, kwa upole.

Jibu langu ni moja kwa kila mtu, awe mume, shemeji au rafiki: "Niachie nambari yako wewe, mzee wangu. Kama ni mteja wangu nitampa, atakupigia." Huku hata kukiri kwamba ni mteja sijakiri. Mwenye nia njema huandika nambari yake na kwenda. Yule alisimama kidogo, akasema hapana haja, akaondoka.

Afisa wa serikali akija kutaka taarifa za mteja, mwombe kitambulisho chake na ombi la maandishi linalosema anataka nini na kwa sheria gani. Sheria inaruhusu taarifa kutolewa pale inapolazimu, lakini toa alichoandikiwa tu, na andika tarehe.

Nane, kufuta

Mapatano yangu mwenyewe ni haya. Anwani nafuta baada ya siku 30, maana mtu hawezi kuja kunirudishia dera baada ya hapo. Nambari ya simu inabaki kwa aliyesema NDIYO, na kwa mwenye deni mpaka alipe. Wengine naifuta pamoja na anwani. Rekodi za mauzo kwa ajili ya kodi sizigusi, kwani hizo zinatakiwa kutunzwa miaka mitano, lakini daftari langu la kaunta lina bidhaa na bei tu, kwa hiyo naweza kulitunza bila kumtunza mtu ndani yake.

Daftari la droo likijaa nalichana na kulichoma jikoni. Simu ya zamani kabla ya kuuzwa natoa kwanza akaunti ya Google, kisha nairudisha ilivyotoka kiwandani kwa `Factory reset`, natoa laini na kadi ya kumbukumbu. Kadi ndiyo watu wanayoisahau.

Na huu ni mtego mdogo ambao umenisaidia. Kwenye orodha ya wateja kuna mtu mmoja asiyekuwepo. Nimempa jina la kipekee, na nambari yake ni laini yangu ya pili ambayo simpi mtu mwingine yeyote. Laini hiyo ikipokea tangazo la duka jingine, au mtu akiniita kwa jina lile, nitajua orodha yangu imetoka.

Tisa, siku simu ilipoibwa

Nilikuwa kwenye feri ya Likoni, saa kumi na mbili na robo jioni, watu wamebanana. Tulipofika ng'ambo mkoba ulikuwa mwepesi. Nilichofanya ndicho ninachokushauri, kwa mpangilio huohuo.

Kwa simu ya ndugu nilipiga kwa mtandao wangu, laini ikafungwa. Hiyo kwanza, kwa sababu ndani ya laini mna pesa na mna jina la duka. Kisha kwa simu hiyohiyo niliingia `google.com/android/find` kwa akaunti ya duka, nikachagua kufuta kila kitu kwenye simu iliyoibwa. Haikuwa mtandaoni, lakini amri inasubiri: ikiwashwa na kupata mtandao tu, inajifuta. Asubuhi nikapata laini mpya yenye nambari ileile, nikafungua WhatsApp upya kwa PIN yangu ya tarakimu 6. Ukiifungua kwenye simu mpya, ya zamani inatolewa.

Baada ya hapo ndipo nilipokaa kufikiri kuhusu Kamishna. Sheria inasema mtu asiyeruhusiwa akiipata data ya watu, na kuna hatari ya kweli ya wao kuumia, umjulishe Kamishna ndani ya saa 72 tangu ulipojua, na uwajulishe wenyewe kwa maandishi. Saa zangu zilianza kuhesabiwa palepale kwenye feri, si siku niliyopata nafasi. Je, kulikuwa na hatari ya kweli? Skrini ilikuwa imefungwa kwa PIN, laini ina PIN, ujumbe haujitokezi juu ya skrini iliyofungwa. Mwizi alipata kioo na betri. Kwa hali hiyo niliona hakuna haja ya kupeleka taarifa. Lakini laiti ningekuwa na simu isiyo na PIN, kama nilivyokuwa mwaka mmoja kabla, ningelazimika kueleza ni nini kimepotea, kinahusu watu wangapi, na nimefanya nini kuzuia madhara.

Wateja niliwajulisha hata hivyo, kwa sababu wezi wa simu hupenda kuandika "nitumie pesa kwa nambari hii mpya". Ujumbe wangu ulikuwa huu:

"Wateja wetu, simu ya duka imeibwa jana jioni. Ilikuwa imefungwa na tumeiamuru ijifute, lakini ilikuwa na majina na nambari zenu. Mtu akiwaandikia kwa jina la duka akitaka pesa kwa nambari tofauti na ile mliyozoea, msitume; nipigieni kwanza. Nambari yetu ya malipo haijabadilika."

Wanne walinipigia kuniuliza maswali. Mmoja ni yule dada wa Tudor. Aliuliza kama mahali anapokaa pamo kwenye simu ile, nikamwambia hapana, nilipafuta mwezi uliopita. Akaagiza dera la kijani, L.